Jedwali la Majina ya Vizazi Vitano

Jumatatu, 3 Machi 2014

Kitindamimba amepata mchapishaji. Alinipigia nikiwa kwenye korido ya mahakama, nasubiri hukumu ya kesi ya kiwanja. Nilimpongeza. Sauti yangu ilikuwa sawa. Nikarudi ndani, nikaandika habari ya hukumu kwa ajili ya gazeti, aya kumi na moja, hakuna kosa hata moja.

Riwaya. Vizazi vitano vya familia moja, kurasa mia nne na ishirini. Yeye! Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Mimi nina miaka thelathini na moja gazetini na riwaya yangu iko kabatini chini ya mashuka – kurasa tisini, mhusika mkuu amesimama mlangoni akiwa na begi tangu mwanangu akiwa chekechea. Mwanangu sasa ana ndevu.

Humu mdogo wangu namwita Kitindamimba. Jina lake nimeliandika mara tatu leo kwenye ujumbe wa pongezi. Inatosha.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja jioni na mswada ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu aliyebeba vitunguu. Kuna tatizo. Mhariri wa vitabu, binti wa miaka thelathini na kitu, ameukubali mswada kwa sharti moja: majina. Bibi mkuu wa ukoo, aliyezaliwa 1912, anaitwa Jackline. Mtoto wa kitukuu wake, wa 2009, anaitwa Mashaka. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Akasema hakujali majina alipokuwa anaandika, aliweka lililokuja mdomoni ili hadithi isisimame. Kisha: “Nilijua tu dada utanipangia. Nani mwingine anajua mambo ya miaka yote hiyo?”

Sifa ni sifa. Nimekubali. Ana mpaka katikati ya Aprili.

Baada ya yeye kuondoka nilisoma kurasa thelathini, nikitafuta ubovu. Kuna sura ya nne ambapo mama anakata kucha za mume wake mgonjwa na hawasemeshani. Nimeirudia mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemweka chini, nimempa somo. Alikuwa na daftari la miraba, la hesabu, anaandika kama mwanafunzi. Nayaandika hapa niliyomwambia, nisije nikajipinga baadaye:

Mtu havai jina la mwaka anaozungumza. Huvaa la mwaka aliozaliwa. Bibi anayepika chai mwaka 1990 ana jina la 1912, na ndilo atakalozikwa nalo.

Jina hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ya wasichana hukimbia, ya wavulana hujikokota – mtoto wa kiume hubebeshwa babu. Mji hutangulia, mashamba hufuata miaka kama kumi nyuma.

Usimpe kila mhusika jina lililokuwa kileleni. Ukifanya hivyo familia inakuwa orodha ya mahudhurio. Katika watoto kumi, watatu au wanne wawe na jina la wakati wao. Wengine wawe na la ukoo, la kanisani, la tukio, na mmoja jina la ajabu lenye sababu yake. Ndugu wa tumbo moja majina yao yaonyeshe wazazi walewale: Damiani na dada yake Felista, sawa. Damiani na Kelvin, hapo baba alilala akaamka nchi nyingine.

Wahusika wakuu wawili wasianze kwa herufi moja. Msomaji huchoka.

Na jina lililokufa hufufuka, ila mpaka wenye kulikumbuka kama la kizee wawe wameisha. Kwa hiyo mtoto wa 2009 anaweza kuitwa jina la bibi mkuu. Mjukuu wa 1960 hawezi. Bado linanuka ugoro.

Akauliza, “Haya umeyasoma wapi?”

Sikuyasoma. Nimeandika tanzia, ajali na matokeo ya mitihani miaka thelathini na moja. Majina ndiyo nimeyala.

Alinitazama kwa heshima. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Jumanne, 11 Machi

Maktaba ya gazeti, chumba cha chini, makabati ya chuma mpaka darini. Mtunzaji wake tunamwita Bwana Vumbi. Nikamweleza kazi. Akasema, “Kwa hiyo mdogo mtu anaandika kitabu, mkubwa mtu anamwandikia majina. Na watu wakikisifu, watasifu majina?”

Nikamwambia alete magazeti.

Vyanzo vitatu. Cha kwanza matangazo ya vifo: yana umri, unautoa kwenye mwaka wa gazeti, unapata mwaka wa kuzaliwa. Tahadhari – wanaotangazwa ni wenye jamaa wa mjini, na hasa wanaume. Nimewafidia wanawake kwa safu ya wafiwa: “ameacha dada zake fulani na fulani.” Leo nimepata mia mbili na kumi na nne waliozaliwa kati ya 1905 na 1940.

Waliozaliwa kabla ya 1920: Tabu, Mashaka, Chausiku, Sikudhani, Siwema. Majina ya yaliyotokea siku ile. Kuanzia 1930 wanaingia kina Damiani, Felista, Leokadia, Pankrasi, yaani mwaka shule ya misheni ilipofika karibu. Hata hivyo Damiani wengi wana mabano: “maarufu kama Mashaka.” Jina la karatasini na jina la nyumbani. Hilo lazima liwemo kitabuni: mama mtu asimwite mwanawe Damiani hata siku moja.

Bibi mkuu amekuwa Sikudhani. Nimempigia. Akasema, “Ndiye. Ndiye kabisa, dada. Hata alivyokaa amebadilika.”

Mimi namtafutia jina, yeye anamwona alivyokaa.

Jumamosi, 15 Machi

Kizazi cha tatu na cha nne. Tangazo la kifo halisaidii hapa, wengi wao bado wanatembea. Chanzo cha pili: kurasa za matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Gazeti letu lilizichapa kila mwaka, shule kwa shule, majina yote. Hakuna hazina kama hiyo. Nimehesabu kwa vijiti, vinne vimesimama cha tano kimelala juu yao, kuanzia asubuhi mpaka Bwana Vumbi aliposhika funguo.

Cha tatu rahisi: ukurasa wa pongezi za watoto, “ametimiza mwaka mmoja.” Humo kina Brayan na Preshas wanajaa, na majina yaliyounganishwa nusu ya baba nusu ya mama, utadhani chapa ya godoro.

Karatasi ni kubwa, mistari mitano, mwaka kwa mwaka. Naandika mwaka juu, majina chini. Nzuri kuliko kazi yoyote niliyofanya mwaka huu. Na jalada halitakuwa na jina langu.

Jumapili, 16 Machi

Kwa mama. Nilitaka kujua kuhusu kifungua mimba na kitinda mimba, nani hupewa jina gani. Hakupepesa.

“Wa kwanza si wako. Wa kwanza ni wa wakwe. Wewe jina lako nililikuta mlangoni, mama mkwe amelileta na kanga ya kukubebea. Sikuulizwa.”

“Na mdogo wangu?”

“Yule? Wakati huo wakwe wamechoka, wazee wamekwisha. Yule nilimchagulia mwenyewe. Nililisikia kwa nesi, nikalipenda. Lilikuwa jipya, linameta.”

Nimeandika: wa kwanza hubeba ukoo, wa mwisho hubeba mtindo. Ni kweli na imethibitika. Hesabu zangu zinasema vivyo hivyo. Mama akaniongezea chai, akasema nisinune, jina la bibi ni zito lakini halivunjiki.

Sikuwa nimenuna. Nilikuwa naandika.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemkabidhi jedwali. Amelitandaza juu ya meza yake ya chakula, likafunika meza yote. Shemeji alikuja na sahani yake, akatazama, akaenda kulia chakula kwenye kochi.

Tumepitia mhusika mmoja mmoja. Kizazi cha kwanza na cha pili, safi. Kizazi cha tatu, anaandika. Tulipofika kwa yule msichana wa 1982, yule anayeondoka nyumbani na kuuza cherehani ya bibi yake, tukagota. Yeye alimwita Upendo tangu mwanzo. Ndilo jina pekee katika mswada mzima ambalo, anasema, hakuliweka ovyo.

Jedwali mwaka 1982: Hilda ndiye kinara, vijiti sabini na tatu. Upendo, vijiti viwili.

“Lakini mimi namsikia Upendo,” akasema.

“Unamsikia kwa sikio gani? Hesabu hizi hapa. Wewe ni mwalimu wa hesabu.”

“Niliwafundisha hao, dada. Wakati naanza kazi.”

“Uliwafundisha wangapi?”

“Arubaini kwa darasa.”

“Mimi nimehesabu elfu tatu na mia sita.”

Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata Upendo, nikaandika Hilda juu yake. Alitazama ule mstari mwekundu. Akasema, “Haya. Wewe ndiye mwenye ushahidi.”

Nimerudi nyumbani nikitembea kwa miguu. Sikumbuki mara ya mwisho kujisikia vizuri hivi. Nasema ukweli, hakuna anayesoma humu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mhariri wa vitabu amejibu. Wazee, anasema, wamekaa vizuri ajabu, hasa Sikudhani na jina la nyumbani la Damiani. Watoto wadogo wa mwisho, vizuri. Ila hawa wa katikati wanamkwaza: “Msichana wa 1982 anaitwa Hilda? Mimi ni wa mwaka huohuo. Darasani kwetu kina Upendo walikuwa watatu. Hilda alikuwa mama yangu mdogo.”

Kitindamimba alinisomea hayo kwenye simu, taratibu, kama anayeuliza bila kuuliza.

Nikamwambia mtu mmoja si takwimu. Kila mtu hudhani darasa lake ndilo nchi. Nikamwambia amjibu hivyo.

Baadaye akanipigia tena: amemjibu. Ameandika, “Dada yangu ni mwandishi wa habari wa miaka thelathini na moja, na hakosei.” Mhariri amekubali.

Mwenye ushahidi haogopi.

Jumatano, 9 Aprili

Prufu zimetoka. Alinipa nizishike. Ni karatasi zilizopangwa kama kitabu, namba za kurasa chini, jina lake juu ya kila ukurasa wa kushoto. Jina lile jipya linalometa. Linafaa pale. La kwangu lingekaa kama gunia kwenye dirisha la duka.

Kuna ukurasa wa tabaruku: “Kwa dada yangu, aliyewapa wote majina.”

Nilisema asante. Nikaenda chooni kunawa uso. Si kwa furaha. Nilikuwa nawaza kwamba hata shukrani ameiandika vizuri, maneno sita, na mimi ningetumia aya.

Jumatatu saa nne asubuhi zinakwenda kwa mchapaji. Baada ya hapo hakuna kubadilisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika kwa mpangilio, kama taarifa.

Saa tisa alasiri nilikuwa maktaba kwa kazi nyingine. Nikakumbuka kitu: baba alikata ukurasa wa matokeo wa Kitindamimba, akauwekea kioo, akautundika sebuleni. Alikuwa wa pili katika wilaya nzima. Wa kwangu haukukatwa. Nilikuwa wa kumi na tisa. Nilitaka kuuona tena ule ukurasa. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Nilitaka kuhakikisha kama kweli alikuwa wa pili.

Nikamwambia Bwana Vumbi alete 1982. Akaleta. Shule yetu, safu ya tatu. Alikuwa wa pili kweli.

Juu yake Hilda. Chini yake Hilda. Yule wa juu namkumbuka – alikuwa anakuja nyumbani kusukwa nywele, akilia kila mstari. Juzi tulikutana kwenye msiba, amebeba mjukuu mgongoni.

Niliendelea kutazama. Halafu nikahesabu umri wa Hilda.

Hilda huyu hakuzaliwa 1982. Mwaka 1982 alimaliza shule ya msingi. Alikuwa na miaka kumi na nne, kama mdogo wangu, kama wote waliokuwa kwenye ukurasa ule.

Nimehesabu tarehe ya gazeti. Sikutoa umri. Kwa matangazo ya vifo nilitoa, kwa sababu umri umeandikwa, unakutazama. Kwa matokeo haujaandikwa, na mimi kwa miaka thelathini na moja nimeweka kila kitu kwa tarehe kilipotoka. Habari huzaliwa siku inapochapwa. Ndivyo mkono wangu unavyojua.

Kizazi cha tatu na cha nne, watu kumi na sita, wote wamevaa majina ya waliowatangulia kwa miaka kumi na minne. Mimi niliyesema mtu huvaa jina la mwaka aliozaliwa. Limo humu, tarehe nane Machi. Nimelisoma tena.

Bwana Vumbi aliona karatasi zimetulia. Akauliza kulikoni. Nikamwambia. Hakucheka. Akasema tu, “Mgema akisifiwa.” Hakumalizia, akaenda kuleta 1996.

Mwaka 1996, yaani waliozaliwa 1982 au karibu yake. Nimehesabu shule tano tu. Upendo, kumi na nane. Neema, kumi na sita. Hilda, mmoja.

Alimsikia. Hakuhesabu chochote, alimsikia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshinda maktaba. Bwana Vumbi si zamu yake leo, amekuja na amenihesabia nusu. Jedwali jipya limekamilika saa kumi jioni. Kila orodha nimeirudisha nyuma miaka kumi na minne, na nimeacha mwaka mmoja huku na mwaka mmoja huku kwa waliochelewa kuanza shule na waliorudia darasa, maana nao wamo. Majina kumi na sita. Kumi na mawili lazima yabadilike. Manne yanaweza kubaki kama majina ya ukoo, moja likiwa na sentensi ya kueleza.

Ni kazi ya saa tatu kwenye prufu. Inawezekana.

Sasa niandike na upande wa pili, kwa kuwa humu sidanganyi. Nisiposema, nani atajua? Mhariri alishanyamazishwa. Wasomaji watahisi kitu, hawatajua ni nini. Watasema hawa wasichana hawakukaa sawa, mwandishi hajui kizazi chake. Watasema mwandishi. Hawatasema dada yake. Kitabu kitasimama kwa mguu mmoja, na sura ya nne yenye kucha itasahauliwa.

Nililifikiria hilo muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Sikulikimbia. Lilikuwa tamu zaidi ya ile chai.

Na nikisema, nitasema mawili: kwamba nimekosea, na kwamba sikio lake lilisikia ambacho hesabu zangu elfu tatu na mia sita hazikukisikia. La kwanza naliweza. Gazeti lina safu ya masahihisho, nimeiandika mara nyingi, maneno ishirini na tano, hakuna anayekufa. Hilo la pili sijawahi kuliandika.

Jedwali liko kwenye mkoba. Nimelikunja mara nne.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nikiwa sebuleni kwake, daftari kwenye goti. Yeye yuko jikoni anatafuta kijiko. Bahasha kubwa iko mezani, prufu zimo, mdomo wa bahasha bado wazi. Gundi iko pembeni.

Nilifika saa nane. Nilikuwa nimepanga sentensi yangu njiani, fupi, kama ya safu ya masahihisho. Shemeji akafungua mlango: “Karibu, mama wa majina.” Nikaingia na sentensi yangu bado mdomoni.

Kabla sijaketi Kitindamimba akasema ana jambo la kuungama. Amekaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, alivyokuwa anakaa akivunja kikombe zamani.

“Usikasirike, dada. Nimefuata jedwali lako kwa wote. Wote kasoro mmoja.”

Nikauliza nani, ingawa nilijua.

“Upendo. Jana nimemrudisha. Nilijaribu wiki tatu kumwita Hilda, akawa haongei. Kila akifungua mdomo anasema kama shangazi yangu. Najua hesabu zinakataa. Najua nimekuaibisha kwa mhariri baada ya kukutetea vile. Lakini ni mmoja tu katika watu wote hawa – mtu akiuliza, sema kosa ni langu. Sema nilikuwa mbishi.”

Akaniomba msamaha. Mimi!

Nikasema hapana neno. Hayo tu ndiyo yaliyotoka, na si sentensi niliyoipanga. Akashusha pumzi, akainuka kwenda kuchemsha chai, akawa anaimba kidogo.

Mkoba uko miguuni. Nimefungua zipu nusu. Kona ya jedwali inaonekana, ile yenye 1982, na Upendo juu kabisa kwa wino wangu.

Wengine kumi na mmoja bado wamo ndani ya bahasha na majina ya mama zao.

Amepata kijiko. Ameuliza kwa sauti kutoka huko, kwa utani, kama mama wa majina ana mtoto mwingine wa kubatiza kabla hajapaka gundi.